Nimemwandikia mkurugenzi asiyenijua, wiki tatu kimya. Nisaidieni kichwa cha imeili

Seremala_Keko

Wakuu, habari za leo.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko, Dar. Natengeneza meza na vitanda, lakini kwa miaka miwili sasa nakarabati pia paleti za mbao, zile za kupangia mizigo ghalani. Mwezi uliopita nilipeleka makabati kwa mteja kule Chang'ombe. Wakati tunashusha, nikaona kwa jirani yake, ndani ya uzio wa ghala la kiwanda, lundo la paleti zilizovunjika limepanda hadi usawa wa bati. Dereva wa foklifti akaniambia zinasubiri mtu wa kuni.

Nilichoona mimi si kuni. Nyingi zimevunjika mbao mbili tatu za juu, pale uma za foklifti zinapogonga, na vigogo vya chini bado ni vizima. Paleti ya namna hiyo narudisha kazini kwa muda usiozidi nusu saa.

Mteja wangu alikuwa na kadi ya mkurugenzi wa uendeshaji wa kile kiwanda, akanipa anwani yake ya imeili. Nikaandika. Kichwa nilichoweka ni hiki:

`YAH: UTAMBULISHO WA KAMPUNI NA OMBI LA USHIRIKIANO WA KIBIASHARA`

Ni wiki tatu sasa, sijajibiwa hata neno. Nataka kuandika tena. Watu wananiambia tatizo ni kichwa, kwamba hakufungua kabisa. Mtu mkubwa kama yule, asiyenijua, anayepokea barua nyingi kwa siku, nimwekee kichwa gani aelewe nataka nini?

Mauzo255

Mkuu, kichwa chako ni kirefu na kimepoa. Mimi nafanya mauzo ya imeili, nakwambia kwa uzoefu: mtu hufungua kitu kinachomsumbua rohoni. Uliza swali. Andika "Je, unajua ghala lako linapoteza mamilioni kila mwezi?" Lazima afungue. Ukitaka kuongeza nguvu, tanguliza neno HARAKA.

Bandarini

Seremala, hizo paleti zina alama ya HT? Kama zimepigwa muhuri wa HT maana yake mbao ilipashwa joto la nyuzi 56 hadi katikati kwa dakika 30, na paleti za namna hiyo zinaruhusiwa kwenda nje ya nchi. Ukibadilisha ubao ukaweka mbao ya kawaida, paleti hiyo haiendi tena nje na muhuri wake. Angalia sana hapo.

Seremala_Keko

@Bandarini asante, hilo nalijua na nitalitazama nikifika. Sasa hivi shida yangu ni kufika. @Mauzo255 hayo mamilioni siyajui. Sijawahi kuingia ghalani kwake.

BiMasjala

Mwanangu seremala, shikamoo umenipa hata kabla hujaniona, maana umeuliza vizuri na umeweka kichwa chenyewe tukione. Wengi huja kulalamika bila kuonyesha walichoandika.

Nimekaa miaka 19 kwenye meza iliyo mbele ya mlango wa mkurugenzi. Ofisi siitaji. Kwa miaka tisa ya mwisho barua pepe za bosi nilikuwa nazifungua mimi kwanza, saa moja na nusu asubuhi, kabla hajafika. Kwa hiyo nikueleze kilichotokea kwa barua kama yako, maana kwangu zimepita mamia.

Kwanza jiulize nani anasoma. Wewe umemwandikia mkurugenzi, lakini anayekutana na kichwa chako ni katibu wake, au ni mkurugenzi mwenyewe akiwa ndani ya gari, simu mkononi. Simu nyingi huonyesha herufi kati ya 30 na 40 tu za kichwa, inategemea ukubwa wa kioo na wa maandishi. Kichwa chako kikikatwa kwenye herufi ya 35, kinachobaki ni hiki:

`YAH: UTAMBULISHO WA KAMPUNI NA OMBI…`

Hapo hakuna paleti, Chang'ombe wala ukarabati. Kuna mtu anajitambulisha na anaomba. Barua zinazojitambulisha na kuomba zinaingia kila siku, za bima, za kalenda, za mafunzo ya hoteli. Mimi nilikuwa naziweka kwenye folda moja, na folda ile bosi aliifungua nadhani mara mbili kwa mwaka.

Halafu hiyo YAH. Kwenye barua ya karatasi ina kazi, kwa sababu kichwa kinakaa katikati ya ukurasa baada ya "Ndugu" na lazima msomaji ajue kwamba mstari ule ndio mada. Kwenye imeili mstari wa mada una mahali pake tayari. YAH haimwambii mtu chochote, nayo inakula herufi tano za mwanzo ukihesabu nukta zake na nafasi inayofuata. Na herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, kwa karatasi ni heshima, lakini kwenye orodha ya kikasha zinaonekana kama tangazo.

Sasa jambo ambalo watu hawalifikirii. Mkurugenzi karibu hatakujibu kamwe. Si kwa dharau. Paleti si kazi yake, ni kazi ya mtu wa ghala. Barua yako ikifanikiwa, atakachofanya ni kuifowadi kwa mtu wa ghala, pengine bila kuongeza neno hata moja. Basi kichwa chako lazima kimfanye mkurugenzi ajue ndani ya sekunde mbili ampelekee nani, na yule atakayepelekewa akielewe bila maelezo ya bosi. "Ombi la ushirikiano" ampelekee nani? Masoko? Fedha? Ugavi? Akikosa jibu anaiacha, anasema nitaitazama baadaye.

Mvita_01

Kwetu Kenya ni RE:, si YAH. Nimefunzwa tangu shule, barua yoyote ya ofisi lazima iwe na RE: juu. Naona hata kwa imeili iwekwe, inaonyesha mtu amesoma na anaheshimu utaratibu. Bila hiyo barua huwa yakaa uchi.

BiMasjala

Ndugu wa Mvita, kwa karatasi uko sahihi na hakuna atakayekupinga. Kwa imeili hapo ndipo penye hatari kuliko hata YAH. Kompyuta huweka `Re:` yenyewe mtu anapojibu barua. Bosi akiona `RE: Supply of pallets` anadhani ni mazungumzo aliyokwisha kuyaanza. Anafungua, anatafuta barua yake ya mwanzo, haipo. Wewe ulikusudia heshima, yeye anahisi amedanganywa, kwa sababu matapeli hutumia mbinu hiyo hiyo makusudi. Nimemwona bosi wangu akifuta barua ya mtu mzuri kabisa kwa sababu hiyo, na sikuwa na jinsi ya kumtetea.

Mvita_01

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nimetuma kama hamsini hivi mwaka huu, zote na RE:.

Stoo_Kuu

Niongee kama mtu wa upande wa pili. Mimi ni meneja wa ghala, mkoa mwingine, si huko Chang'ombe. Barua za mafundi na wauzaji zinanifikia hivyo hivyo anavyosema mama: bosi anafowadi, juu hakuna maneno, au kuna "angalia" tu. Nikisoma kichwa nikaona kitu ninachokigusa kila siku, naisoma. Nikaona maneno ya jumla, inasubiri hadi Ijumaa, na Ijumaa ina mambo yake.

@Mauzo255 swali la "je, unajua unapoteza mamilioni" mimi limenifikia mara nyingi, kila mara kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga ghalani kwangu. Unaanza kwa kumwambia bosi wangu kwamba mimi nazembea, halafu barua inaletwa kwangu niishughulikie. Fikiria nitaishughulikia vipi.

Mauzo255

Nakubali hapo kwa mtu wa ghala. Ila msitupe yote. Swali linafungua, hilo nimeliona kwa macho yangu kwenye barua tunazowatumia watu elfu kumi kwa mara moja.

BiMasjala

Kaka, ukituma kwa elfu kumi, mia mbili wakifungua umekula. Waliobaki wakikasirika huwajui na hawakujui. Huyu seremala ana mtu mmoja tu. Akimkasirisha huyo, ghala lile limefungwa. Lakini una jambo moja la kweli, nalo ni ufupi. Na lingine: kusiwe na "Habari" wala "Salamu" kwenye kichwa. Salamu mahali pake ni ndani.

Seremala, jaribu kuandika upya hapa hapa. Anza na kitu chenyewe kilichoko ghalani kwake, sio na wewe. Halafu unachoomba, kiwe kidogo na chenye kipimo.

Seremala_Keko

Shikamoo mama, sasa ya kweli. Nimeandika hivi:

`Paleti mbovu Chang'ombe: ombi la kukutana`

BiMasjala

Marahaba mwanangu. Nusu ya kwanza imekaa. Mtu akiona "paleti" na "Chang'ombe" anajua ni ghala gani na anajua ni nani wa kumpelekea. Nusu ya pili bado. "Kukutana" kwa mtu mwenye ratiba ni gharama: saa, chumba, chai, na hajui mnakutana kwa nini. Omba kitu ambacho mtu anaweza kusema "sawa" bila kuitisha kikao. Ungeweza kufanya nini bila kumsumbua?

Seremala_Keko

Naweza kuchukua paleti kumi, nizikarabati hapo hapo uani kwao na misumari yangu na mbao zangu, wazipime wenyewe kwa mzigo. Ikiwa hazifai waniambie niondoke, sidai kitu.

BiMasjala

Hilo ndilo ombi lako, na halikuwa popote kwenye barua ya kwanza, sivyo? Mara nyingi kichwa kinakuwa kibaya kwa sababu mwandishi mwenyewe hajaamua anaomba nini. Ukishaamua, kichwa kinajiandika.

`Paleti mbovu Chang'ombe: kukarabati 10 za majaribio`

Stoo_Kuu

Mama samahani, nipinge neno moja. "Mbovu". Paleti mbovu ni kama unasema tulinunua takataka. "Zilizovunjika" ni hali tu, kila ghala zinavunjika. Najua ni refu, ila mimi ningesoma hilo bila kununa.

BiMasjala

Umenishinda kwa haki. Tuandike hivi, na nimezihesabu:

`Paleti zilizovunjika Chang'ombe: kukarabati 10 za majaribio`

Ni herufi 59 na nafasi zake. Simu ikikata kwenye ya 35, kinachobaki ni "Paleti zilizovunjika Chang'ombe" na nukta zake mbili, yaani mada nzima imepona. Kilichokatwa ni ombi, nalo atalikuta akifungua. Ingekuwa kinyume, ombi mbele na paleti nyuma, tungepoteza kile kinachomfanya afungue.

Mauzo255

Na dereva wa foklifti je? Tumia hicho! "Nimeelekezwa na mfanyakazi wenu." Jina la mtu wa ndani kwenye kichwa ndilo linalofungua kuliko yote.

Seremala_Keko

Huyo kijana aliniambia kirafiki tu tukiwa uzioni. Aliniambia hata idadi, lakini nahofia nikiitaja ataulizwa.

BiMasjala

Usimtaje, wala idadi yake usiitaje. Mauzo hajakosea kwamba jina hufungua mlango, na kama mteja wako mwenye kadi angekuruhusu, ungeandika jina lake kwenye kichwa na ningekuunga mkono. Lakini sharti ni aliyetajwa awe amekubali, na mpokeaji awe anamfahamu kwa heri. Dereva hana ulinzi wowote pale. Wewe uliliona lundo kwa macho yako ukiwa nje ya uzio. Hilo linatosha, sema hivyo.

Mwanachuo_Moro

Naomba kudandia hapa, samahani mtoa mada. Mimi niko Morogoro, naandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu muda ambao malori hukaa yakisubiri kupakia. Nimemwandikia meneja mkuu wa kampuni ya usafirishaji, kichwa "OMBI LA DATA". Kimya. Barua ya utambulisho ya chuo nimeambatanisha. Je, niandike neno chuo mbele?

BiMasjala

Mwanangu, "data" inamtisha meneja kuliko chuo. Anawaza bei zake, wateja wake, nani atazisoma. Mwambie ni kitu gani na kitachukua muda gani:

`Muda wa malori kupakia: mahojiano ya utafiti, dakika 20`

Jina la chuo liweke kwenye sentensi ya kwanza ndani. Na kama una tarehe ya kweli ya kukabidhi kazi, itaje humo ndani, usiandike HARAKA. Haraka ni yako, si yake.

Mwanachuo_Moro

Kwa hiyo nisiseme kabisa kwamba nataka pia kumbukumbu zao za geti? Hizo ndizo ninazohitaji hasa.

BiMasjala

Hapo sikwambii ufiche. Kama unahitaji kumbukumbu za geti, kichwa kikisema mahojiano tu, atajisikia umemvuta. Andika "mahojiano na kumbukumbu za geti" hata kama milango michache itafungwa. Kichwa kisiombe kidogo kuliko barua.

Stoo_Kuu

Seremala, jambo la pili ambalo ningependa uangalie ni sentensi yako ya kwanza ndani ya barua. Uliandikaje?

Seremala_Keko

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu."

Stoo_Kuu

Nilijua. Kwenye kikasha, hata kabla sijafungua, naona jina la mtumaji, kichwa, na kando au chini yake maneno ya mwanzo ya barua. Hayo maneno ni kama kichwa cha pili ulichopewa bure. Ukiandika "husika na kichwa cha habari hapo juu" umenirudisha pale nilipotoka. Weka ombi hapo.

Na jina la mtumaji linatangulia hata kichwa. Lako linasomekaje?

Seremala_Keko

Nimejitumia sasa hivi kwenye simu ya mke wangu nione. Linasomeka "dogo fundi". Mpwa wangu ndiye aliyenifungulia akaunti miaka ile.

Stoo_Kuu

Basi hata kichwa kizuri kingekuja na "dogo fundi" juu yake. Kwenye Gmail ya kompyuta nenda `Settings`, kisha `See all settings`, kisha `Accounts and Import`, tafuta `Send mail as`, bonyeza `edit info`, uandike jina lako kamili. Jina la karakana ukitaka liongeze nyuma.

Ulivyojitumia kwenye simu ya mke umefanya jambo la maana. Fanya hivyo tena na kichwa kipya, simu ikiwa imefungwa, umwulize shemeji: hii inahusu nini na inataka nini? Akibahatisha yote mawili bila kufungua, tuma.

Mvita_01

Swali: huyu mkurugenzi ni Mtanzania? Kampuni kubwa huandikiana Kiingereza. Kichwa cha Kiswahili hakitamshusha hadhi?

BiMasjala

Mimi huwa naangalia matangazo yao ya zabuni na ya kazi yametoka kwa lugha gani, nafuata hiyo kichwa na barua yote.

Stoo_Kuu

Mimi naona Kiswahili, hata bosi akiwa mgeni. Mwishowe barua inaishia kwa mtu wa ghala, na huyo anaongea Kiswahili kutwa.

BiMasjala

Lakini haimfikii mtu wa ghala kama bosi hakuielewa. Hapo tutofautiane tu, kaka.

Seremala_Keko

Tangazo lao la kazi getini ni la Kiswahili. Nitaandika Kiswahili.

Mama, la mwisho: nijibu juu ya ile barua yangu ya zamani, au nianze mpya?

BiMasjala

Mpya. Ile ya zamani ina kichwa kilichokufa, ukijibu juu yake unakiburuta. Na usiseme "nilikuandikia hukunijibu". Lakini hii mpya nayo ikipitisha siku tano za kazi kimya, hapo ndipo unaingia kwenye zilizotumwa, unaifungua, unajibu juu yake mwenyewe, kichwa usikiguse. Gmail ikiona umebadilisha kichwa inaanzisha mazungumzo mengine, na barua hizo mbili hazitakaa pamoja kwenye kikasha. Mara hiyo `Re:` ni ya haki, kwa sababu barua ya kwanza kweli ipo.

Seremala_Keko

Wakuu, nimerudi, siku tisa zimepita.

Nilituma Jumanne saa mbili asubuhi. Sentensi ya kwanza: "Naomba kukarabati paleti 10 kati ya zilizovunjika katika ghala lenu la Chang'ombe, hapo hapo uani, kwa mbao na misumari yangu, ili mzipime kabla ya kuamua lolote." Ile PDF ya kurasa 14 ya kampuni niliiondoa, nikaweka picha mbili tu, paleti kabla na baada.

Kimya hadi Jumanne iliyofuata. Nikajibu juu yake kwa mistari miwili. Jana jioni imekuja barua kutoka kwa katibu wake, na nakala kwa meneja wa ghala: "Wasiliana na meneja wa ghala." Basi. Meneja akanipigia leo asubuhi. Anasema njoo Alhamisi, ila si kumi, anataka ishirini na tano, na zile zenye alama ya HT niziache pembeni kwanza, tutaziongelea. @Bandarini umeona.

Sasa ananitaka nimtumie kwa maandishi mahitaji yangu, umeme na sehemu ya kufanyia. Kichwa kinasema 10 na sasa ni 25. Nikirekebishe?

BiMasjala

Acha kilekile, jibu juu ya barua ya katibu. Ishirini na tano iandike ndani, sentensi ya kwanza. Alhamisi ukiwa getini mlinzi akimpigia kuuliza wewe ni nani, meneja atatafuta kwenye simu yake neno "paleti", na atataka kuikuta mahali pamoja, na jina la bosi wake likiwa juu.

Bandarini

Na zile za HT usiziguse hata akisema uziguse, mpaka umuulize mbao ya kubadilishia inatoka wapi.